Barua na CV kwa lugha mbili: usitafsiri, andika mara mbili

*"Nina stashahada ya maendeleo ya jamii. Kuanzia Machi 2021 hadi Julai 2022 niliajiriwa na shirika dogo la lishe wilayani Chamwino, kisha nikawa karani wa sensa. Septemba 2022 hadi Mei 2023 nilikuwa nyumbani, nilijifungua. Tangu hapo ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, bila mshahara. Sasa shirika la misaada la kimataifa lenye ofisi hapa Dodoma limetangaza kazi ya afisa wa jamii ngazi ya wilaya. Wanataka uzoefu wa miaka 2, na wanataka barua ya maombi na CV kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Ya Kiingereza nimesaidiwa na kaka yangu. Nikaitafsiri sentensi kwa sentensi, lakini ya Kiswahili inasomeka kama si mimi niliyeandika. Halafu kaka ameniandika 'mratibu' wakati mkataba wangu unasema 'mhamasishaji wa jamii'. Nimeambatanisha zote nne. Nizitume hivyo hivyo?"*

Usizitume bado, dada yangu. Una vitu vizuri vya kusema, lakini kwa jinsi karatasi hizi zilivyo sasa msomaji hatavipata. Na kuna sehemu mbili ambazo zinaweza kukutoa kwenye orodha bila wewe kujua kwa nini.

Nianze na sababu ya wao kutaka lugha mbili, maana ukiielewa hiyo mengine yanajipanga. Nafasi nyingi za mashirika ya kimataifa hapa nchini huombwa kwa Kiingereza peke yake, na pale tangazo lisipotaja Kiswahili sikushauri kutuma cha Kiswahili. Hii ya kwako ni tofauti kwa sababu ya kazi yenyewe. Afisa wa jamii ngazi ya wilaya anaandika aina mbili za maandishi karibu kila wiki. Upande mmoja kuna barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, taarifa kwa mtendaji wa kata na muhtasari wa kikao cha kijiji, vyote kwa Kiswahili cha ofisi. Upande wa pili kuna taarifa ya mwezi kwa Kiingereza, ambayo inapanda hadi Dar es Salaam, wakati mwingine hadi Nairobi au makao makuu, na mwisho kwa mfadhili. Kwa hiyo barua zako mbili ni jaribio la kwanza la kazi kabla hujaitwa kwenye usaili. Wanaangalia kama unaweza kuandika kila moja kwa namna msomaji wake anavyoitegemea.

Ndiyo maana kutafsiri sentensi kwa sentensi kunakuangusha. Tatizo si Kiswahili chako, maana ujumbe ulioniandikia ni wa mtu anayejua kuandika. Tatizo ni kwamba umefuata mpangilio wa barua iliyoandikwa kwa ajili ya mtu mwingine. Nimekaa mara nyingi kwenye meza ya kuchuja maombi ya kazi za aina hii, na kila mmoja wa wasomaji hawa wawili anapungukiwa na kitu tofauti. Anayesoma ya Kiingereza huenda hajawahi kufika Chamwino. Ukimwambia ulifanya kazi Handali na Idifu, kwake hayo ni majina tu. Anahitaji kujua kwamba hizo ni kata za vijijini katika eneo kame lenye msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, ambako chakula hupungua majumbani miezi ya kabla ya mavuno. Hapo ndipo ataelewa kazi ya lishe uliyoifanya ilikuwa na uzito gani.

Anayesoma ya Kiswahili mara nyingi ni mratibu wa mradi aliyeko Dodoma. Kwa miradi inayofanywa pamoja na serikali, anaweza pia kuwa mjumbe kutoka halmashauri aliyealikwa kwenye jopo. Huyu huna haja ya kumweleza ukame wa Chamwino, anaishi nao. Yeye anataka kujua ulifanya kazi na nani. Je, uliwahi kukaa na mtendaji wa kijiji mkapanga mkutano? Afisa lishe wa halmashauri anakufahamu? Ukifika kijijini unapita ofisini kwanza au unaingia moja kwa moja kwenye kaya za watu? Barua yako ya Kiswahili haigusi hata moja kati ya hayo, kwa sababu barua ya Kiingereza haikuwa na haja ya kuyagusa.

Basi fanya hivi. Chukua karatasi moja na uandike ukweli mtupu, bila sentensi za kupendeza: tarehe, cheo kama kilivyo kwenye mkataba, jina la mwajiri, kata, idadi ya watu uliowasimamia, kazi uliyofanya kwa mikono yako, nani alikusimamia. Changanya lugha upendavyo, hakuna atakayeiona. Kisha funga barua ya kaka, usiiangalie kabisa, na uandike ya Kiswahili kutoka kwenye karatasi hiyo. Ya Kiingereza nayo irekebishe kutoka kwenye karatasi hiyo hiyo. Kwa namna hii ukweli unakuwa mmoja, lakini kila barua inapata mwendo wake.

Sasa twende kwenye uchujaji wenyewe, kwa sababu watu wengi wanadhani barua inasomwa kama hadithi, toka mwanzo hadi mwisho. Kwa kawaida haisomwi hivyo. Mtu wa rasilimali watu anafungua jedwali kwenye kompyuta. Kila mstari ni mwombaji, na kila safu ni sharti mojawapo la tangazo: elimu, miaka ya uzoefu, kazi na jamii, lugha, uwezo wa kuandika taarifa, pengine na leseni ya pikipiki. Anatembea na karatasi zako akitafuta kitu cha kuweka kwenye kila kisanduku. Akikipata anaweka alama, asipokipata anaweka sifuri na kuendelea na anayefuata. Hakai kukisia kwamba mtu aliyefanya kazi Chamwino lazima anajua Kigogo.

Tazama mstari huu kutoka kwenye CV yako: "Nilihusika katika masuala ya uhamasishaji wa jamii kuhusu lishe bora kwa kina mama na watoto." Nikiutafutia kisanduku, sikipati. "Nilihusika" haisemi ulifanya nini. "Masuala" haisemi kitu gani. Lakini katika ukurasa wa pili wa CV ile ile, chini kabisa, umetaja kwa kupita tu kwamba ulikuwa na wahudumu 14 wa afya ngazi ya jamii, kwamba mlikuwa mnapima watoto kila robo mwaka, na kwamba takwimu ulikuwa unaziingiza kwenye simu kwa `KoboCollect`. Hivyo ndivyo vitu vyenyewe! Vipandishe juu. Sehemu hiyo ya CV ya Kiswahili ningeiandika hivi:

> Mhamasishaji wa Jamii, mradi wa lishe, Wilaya ya Chamwino
> Machi 2021 – Julai 2022
>
> Niliratibu wahudumu 14 wa afya ngazi ya jamii katika kata za Handali na Idifu: kupanga ratiba zao za mwezi, kuwatembelea vijijini na kupokea taarifa zao.
>
> Kwa kushirikiana na watendaji wa vijiji, niliandaa Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kila robo mwaka. Tulipima mkono wa watoto wa miezi 6 hadi 59 kwa utepe wa MUAC, na waliokuwa chini ya sentimeta 11.5 tuliwapa rufaa siku hiyo hiyo kwenda kituo cha afya.
>
> Niliingiza takwimu kwa KoboCollect na kuandika taarifa ya mwezi kwa Kiingereza kwa ofisi ya mradi.

Angalia kilichotokea kwa neno "mratibu". Halimo kwenye cheo, lakini kazi ya kuratibu imo, tena kwa ushahidi. Hili ndilo jibu la swali lako kuhusu cheo: kinabaki kilichoandikwa kwenye mkataba, katika lugha zote mbili. Kama mkataba uko kwa Kiingereza tu, cheo cha Kiingereza kinakiliwa herufi kwa herufi, na cha Kiswahili kiwe kile ambacho mwajiri wako wa zamani atakitambua akipigiwa simu. Kaka alitaka kukupandisha, namwelewa, lakini shirika litaandika barua kwa mwajiri wako kuuliza ulikuwa nani. Jibu likija "mhamasishaji" wakati CV inasema "mratibu", hakuna atakayekupigia kuuliza ilikuwaje. Jina lako litaondolewa hata kama usaili uliufanya vizuri.

Watu wengi hawajui jinsi ukaguzi huu ulivyokazwa kwenye mashirika ya misaada. Tangu 2019 kuna utaratibu wa pamoja ambao mashirika mengi yamejiunga nao. Kabla ya kukuajiri wanawauliza waajiri wako wa miaka 5 iliyopita kama uliwahi kukutwa na kosa la unyanyasaji wa kingono, au kama uliondoka huku uchunguzi wa namna hiyo ukiendelea. Sababu yake ni kwamba huko nyuma kulikuwa na watu waliofukuzwa shirika moja kwa kuwadhulumu wale waliokwenda kuwasaidia, kisha wakaajiriwa shirika jingine bila mtu kuuliza. Kwa hiyo tarehe zako zinasomwa kwa jicho kali kuliko unavyofikiri, na miezi isiyo na maelezo inaamsha maswali ambayo wewe hukustahili kuulizwa.

Hii inatupeleka kwenye ile miezi uliyokuwa nyumbani. Kwenye CV uliyonitumia umejaribu kuificha kwa kuandika miaka bila miezi: "2021 – 2022", halafu "2023 hadi sasa". Mchujaji mzoefu akiona miaka mitupu anajua kuna kitu kimefunikwa, na mawazo yake yatakwenda kubaya kuliko ukweli. Andika mstari mmoja, mahali pake kwenye mfuatano wa tarehe: "Septemba 2022 – Mei 2023: majukumu ya familia." Inatosha. Hulazimiki kusema ulijifungua, na kwenye usaili hawapaswi kukuuliza kuhusu mtoto wala mipango yako ya uzazi. Ukitaka kusema mwenyewe, sema kwa sentensi moja uendelee na kazi. Kwenye barua usiitaje kabisa. Barua ni ya kuonyesha unavyokidhi masharti, na kipindi hicho si sharti.

Kazi ya sensa nayo umeitupa. Haimo kwenye CV hata moja! Nadhani uliona ni kibarua cha wiki chache. Lakini Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 ilifanyika kwa vishikwambi, na makarani walipewa mafunzo kabla ya kuingia kwenye kaya. Kwa mwajiri anayehitaji mtu wa kukusanya takwimu vijijini, hiyo inajibu maswali mawili kwa mpigo: umeshafundishwa kuuliza dodoso kwa utaratibu uliowekwa, na umeshaaminiwa na taarifa za watu. Iweke, kwa tarehe zake halisi na eneo ulilohesabu. Usitaje chochote ulichokisikia ndani ya kaya hizo, hata kama mfano wa kupendeza, maana taarifa za sensa ni siri kisheria na wewe ulikula kiapo.

Kuhusu uzoefu wa miaka 2, nikuambie ukweli. Ajira yako Chamwino ni miezi 17. Sensa inaongeza kidogo. Ukatibu wa kikundi ni kazi ya kujitolea, na si ya kutwa nzima. Mashirika yanatofautiana hapa: yapo yanayohesabu kujitolea sawasawa kama kunathibitishwa, yapo yanayouhesabu uzoefu huo nusu, na yapo yanayotaka ajira ya mshahara tu. Rudi kwenye tangazo uangalie maneno yake. Kama limesema uzoefu wa kazi na jamii bila kutaja ajira, una haki ya kuomba na kujieleza. Kama limesema ajira ya kulipwa ya miaka 2 isiyopungua, nafasi yako ni finyu, ingawa kuomba hakukugharimu kitu zaidi ya muda. Jambo ambalo halifai kwa namna yoyote ni kuisogeza Julai 2022 ikawa Desemba. Na ule ukatibu uandike kwa vitendo vyake: kuandika mihtasari ya kila kikao, kutunza daftari la hisa na mikopo, idadi ya wanachama. Katibu wa kikundi anayeandika muhtasari kwa Kiswahili safi kila wiki ni mtu ambaye mratibu wa mradi anamtafuta.

Barua ya Kiswahili sasa. Ile yako inaanza na "Mimi ni msichana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 27, Mkristo, nimeolewa", na inaisha na kuomba kwa unyenyekevu mkubwa kazi yoyote itakayopatikana. Najua inakotoka: ndivyo tulivyofundishwa shuleni, na ofisi nyingi zilizoea barua za namna hiyo. Shirika la kimataifa halina kisanduku cha umri, dini wala ndoa, na wengi wana sera inayowakataza kuvitumia katika kuchagua. Ukiviandika unampa msomaji kitu ambacho anapaswa kukisahau. Picha nayo iondoe, labda kama tangazo limeitaka. Na "kazi yoyote" inaonyesha kwamba hukusoma tangazo la kazi hii.

Hilo lisikufanye uifanye barua iwe kavu. Barua ya ofisi ya Kiswahili ina adabu yake: anwani yako juu kulia, tarehe, anwani ya mwandikiwa kushoto, kichwa cha habari kinachoanza na YAH, kisha rejea ya tangazo. Kwa kuwa kazini utamwandikia Mkurugenzi wa Halmashauri kwa muundo huu huu, uufuate bila kuruka kitu. Mwili wa barua ningeuandika hivi, uubadilishe uwe wako:

> YAH: MAOMBI YA KAZI YA AFISA WA JAMII NGAZI YA WILAYA, KUMB. NA. …
>
> Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Naomba kazi hii iliyotangazwa tarehe … . Nina Stashahada ya Maendeleo ya Jamii, na nimefanya kazi ya lishe na jamii katika Wilaya ya Chamwino kwa miezi 17.
>
> Katika kazi hiyo niliratibu wahudumu 14 wa afya ngazi ya jamii katika kata za Handali na Idifu. Shughuli zote tulizipitisha kwanza kwenye ofisi za watendaji wa vijiji, na taarifa za kila robo mwaka nikaziwasilisha kwa Afisa Lishe wa Halmashauri. Mwanzoni akina mama wa kitongoji kimojawapo walikuwa hawaji siku ya kupima watoto. Baada ya kukaa nao na balozi wao nilifahamu kuwa tulikuwa tunapima siku ya mnada. Tulibadili siku, na waliohudhuria wakaongezeka.
>
> Nilishiriki pia kama karani katika Sensa ya Watu na Makazi ya 2022. Tangu Juni 2023 ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, ambako ninaandika mihtasari ya vikao na kutunza daftari la hisa.
>
> Ninaongea na kuandika Kiswahili na Kiingereza. Kigogo ninakiongea na kukielewa, ila siandiki.
>
> Nimeambatanisha CV yangu na nitashukuru kupata nafasi ya usaili.

Kisa cha mnada nimekitoa kwenye ujumbe wako wa pili, ule ulionitumia kama maelezo ya pembeni. Hukukiweka kwenye barua yoyote, na ndicho kitu kimoja ambacho mwombaji mwingine hawezi kukiandika. Kinaonyesha kwamba mahudhurio yalipokuwa mabaya hukuwalaumu akina mama, ulikwenda kuuliza. Kama una idadi ya waliohudhuria kabla na baada, iweke. Kama huna, acha neno "wakaongezeka" kama lilivyo, na usibuni asilimia, kwa sababu kwenye usaili watakuuliza ulizipataje.

Mstari wa lugha nao uutazame. Kwenye CV ya Kiingereza kaka ameandika kwamba unamudu lugha zote tatu kikamilifu. Hiyo haimsaidii mtu yeyote. Tenganisha kusoma, kuandika na kuongea, na kila kimoja ukipe kiwango chake cha kweli. Kwa kazi za Chamwino, kuongea Kigogo na bibi aliyebaki nyumbani na mjukuu mwenye utapiamlo ni uwezo mkubwa. Kuna kata ambako Kiswahili peke yake kinakuletea majibu ya heshima tu. Usikifiche mwisho wa ukurasa.

Barua ya Kiingereza iwe fupi kuliko hii, aya tatu au nne, isizidi ukurasa mmoja. Aya ya kwanza itaje kazi, namba ya tangazo, na sentensi moja inayosema wewe ni nani kikazi. Aya ya pili ndiyo ya Chamwino, ukimweleza mgeni mahali penyewe kwa sentensi moja kabla ya kueleza kazi. Kisa cha mnada kiwemo, lakini eleza kwamba mnada ni soko la siku maalumu linalokusanya watu wa vijiji vingi, la sivyo hataelewa kwa nini akina mama walikuwa hawaji. Watendaji na balozi wataje kwa kazi zao, kama viongozi wa serikali ya kijiji na wa nyumba kumi, usiwaache kama majina ya Kiswahili yasiyo na maelezo. Aya ya tatu ibebe sensa, takwimu na uandishi wa taarifa. Kaka anaweza kukusahihishia sarufi, lakini sentensi ziwe ambazo wewe mwenyewe unaweza kuzisema ukiwa umekaa mbele ya jopo. Ile ya sasa ina maneno ambayo nina hakika hukuyachagua wewe, na mtu akikuuliza kwa Kiingereza ufafanue sentensi iliyo kwenye barua yako, ukasita, barua nzima inatiliwa shaka.

Zote zikikamilika, ziweke mezani CV mbili pembeni kwa pembeni, na upitishe kidole mstari kwa mstari. Hutafuti ufasaha sasa, unatafuta tofauti. Jina lako limeandikwa sawa, kwa mpangilio ule ule? Namba ya simu ni moja? Miezi imeandikwa kwa maneno? Maana 03/04/2021 mmoja ataisoma Aprili na mwingine Machi. Wahudumu ni 14 huku na kule? Kwenye zako nimekuta 14 kwa Kiswahili na 15 kwa Kiingereza, na sijui ipi ni kweli. Kisha soma ya Kiswahili kwa sauti. Ulimi ukijikwaa kwenye sentensi, hiyo imebaki na mifupa ya Kiingereza, ivunje uiandike upya.

Kutuma kwenyewe ni jambo dogo. Kama wanapokea kwa barua pepe, tengeneza PDF nne na uzipe majina yanayosomeka, kwa mfano `JinaLako_CV_EN.pdf` na `JinaLako_CV_SW.pdf`. Kama ni kwenye mfumo wao na kuna sehemu moja tu iliyoandikwa `Cover Letter`, unganisha barua mbili kwenye faili moja, ya Kiingereza ikitangulia. Vyeti usivitume mpaka waviombe. Na mtu yeyote akikupigia kudai ada ya fomu, ya usaili au ya vipimo vya afya, huyo ni tapeli. Umoja wa Mataifa hautozi ada hatua yoyote ya ajira, na hata mashirika mengine ya misaada yanayoheshimika hayamtozi mwombaji.

Wadhamini wako watatu ni mchungaji, mjomba na rafiki mliyesoma naye. Badilisha. Wa kwanza awe msimamizi wako wa shirika la lishe. Wa pili anaweza kuwa mtendaji wa kata au afisa lishe aliyeiona kazi yako, na wa tatu mwalimu wa chuo. Wapigie kabla ya kuwaandika, waambie kazi unayoomba, na uwasomee tarehe na cheo ulichoweka ili wasije wakashangaa wakiulizwa.

Yako mambo mawili ambayo ushauri wa maandishi hauyamalizi, yanakuhitaji utoke uende kwa mtu. La kwanza ni jina. Nimeona cheti chako cha kidato cha nne kina majina mawili na kitambulisho cha NIDA kina matatu, na moja limeandikwa kwa herufi tofauti. Likiachwa hivyo litakusumbua siku ya kusaini mkataba. Nenda kwa wakili na vyeti halisi, atakuambia kama hati ya kiapo inatosha au inahitajika hati ya kubadili jina. La pili ni shirika lako la zamani. Umesema mradi uliisha na ofisi ya Chamwino ikafungwa. Mtafute aliyekuwa msimamizi sasa hivi, kabla hujatuma maombi, umwombe barua yenye tarehe za kuanza na kuacha kazi na cheo chako. Ukimkosa, nenda na nakala ya mkataba kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri, kwa kuwa mashirika yanayofanya kazi wilayani hupita ofisini kwake, na umuulize kama yuko tayari kuthibitisha kwamba mradi ulikuwepo na wewe ulikuwa mmoja wa watumishi wake.